Nilipima kwa mizani: stiki, poda na spreyi za jua juu ya mekapu

Kazi yangu ni kuuza viwanja. Asubuhi niko ofisini nimejipamba, saa 5 niko Kigamboni nawaonyesha wateja mawe ya mipaka, saa 8 nimerudi na uso unang'aa kama sufuria ya maandazi. Tangu ujauzito wa mtoto wangu wa pili nina madoa ya kahawia kwenye mashavu na juu ya mdomo. Daktari wa ngozi aliniambia, "Dada, dawa nitakupa, lakini ukilichezea jua yatarudi." Akasisitiza nipake losheni ya jua asubuhi, na nikiwa nje nirudie kila baada ya saa mbili.

Kurudia ndiko kulikonishinda. Nani atanawa uso katikati ya shamba apake losheni, kisha aanze fandesheni upya? Ndipo nikanunua vitu vitatu kwa zamu: poda ya brashi (ile unayobonyeza kitako inatoka), stiki, na spreyi ya kupampu ya kunyunyiza juu ya mekapu. Vyote vimeandikwa SPF 50 na nimevitumia miezi kadhaa.

Kabla sijasema kipi ni kipi, kuna hesabu moja. Hiyo 50 ya kwenye chupa hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima ni kama sentimita mraba 600, kwa hiyo unahitaji takriban gramu 1.2, yaani mistari miwili ya losheni iliyojaa kwenye vidole viwili. Ukipaka nusu ya hapo, kinga hushuka kwa nusu au zaidi. Basi swali la bidhaa hizi si dawa iliyomo ndani, bali ni kiasi gani kinafika usoni. Mume wangu ana mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01, nikaiazima.

Nilianza na poda, kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi. Niliipima, nikajipaka uso mzima kama ninavyojipaka siku zote, taratibu, mizunguko miwili, nikaipima tena. Ilikuwa imepungua gramu 0.09. Nikadhani nimekosea, nikarudia siku tatu, na haikuvuka 0.11. Ili nifike gramu 1.2 ningepaswa kujipaka mara 13 mfululizo, na huo si uso tena, ni ukuta uliopigwa chokaa. Kichupa chote kina gramu 4 na nilikinunua 145,000. Kwa kipimo kamili kinatosha mara tatu na kidogo, kama shilingi 43,000 kila ukijipaka! Isitoshe, poda hushikilia palipo na mafuta na jasho na kuteleza pakavu, na kwa ngozi yangu nyeusi ile isiyo na rangi iliniacha kama nimepakwa majivu.

Siitupi, lakini. Inakausha mng'ao vizuri mno, na yangu ya sasa ni ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na madini ya chuma, na madini hayo husaidia kuzuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwetu wenye ngozi nyeusi na madoa ya aina hii, mwanga huo nao huyachochea, na losheni nyingi zisizo na rangi hazijui kuuzuia. Hata fandesheni yako yenye madini hayo inafanya sehemu ya kazi hiyo. Ila kama kinga ya pekee ya mchana, poda haifai.

Spreyi ilinichanganya zaidi, maana usoni unahisi kabisa umeloa. Nilikata karatasi ya aluminiamu sentimita 10 kwa 10, nikaibandika ukutani, nikapampu mara tatu kutoka urefu wa mkono uliokunjwa. Kipande hicho kinahitaji gramu 0.2. Ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, kilipata 0.11. Nikatoka barazani penye upepo wa kawaida wa baharini, kikapata 0.03. Zilizobaki zilikwenda kwa jirani. Halafu nikanyunyizia kioo cha kabatini, nikaona matone yamesimama mbalimbali, kila moja na kisiwa chake, na katikati kioo kitupu. Juu ya mekapu huwezi kuyasambaza kwa kiganja, kwa hiyo mapengo yanabaki.

Nikasema basi nipampu mpaka itoshe. Kufika mara ya kumi wanja ulishaanza kushuka na fandesheni imefanya mifereji. Na hili si la mzaha: ukiinyunyiza usoni unaivuta puani. Chupa yangu yenyewe imeandikwa unyunyize mkononi kwanza, ndipo upake. Sasa kama napaka kwa mkono, nimelipia pampu ya nini? Naiweka kwa ajili ya mikono na shingo, nayo naisambaza kwa kiganja.

Stiki ndiyo iliyonishangaza, ingawa siku ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Nilipita moja kwa moja shavuni, ikang'oa fandesheni ikaacha njia kama ya kifutio. Kwa mpito mmojammoja uso mzima ulipata gramu 0.2 tu. Kwa mipito minne kila sehemu, kwenda na kurudi, ulipata 0.7, lakini mekapu ilikuwa imeisha.

Shoga yangu mpambaji wa maharusi ndiye aliyenipa njia. Kwanza bonyeza tishu usoni kutoa mafuta na jasho, usifute. Sugua stiki mgongoni mwa mkono mpaka iyeyuke kidogo, kisha ichote kwa ncha za vidole na ugongegonge, usivute. Sponji inanyonya nyingi mno, vidole ni bora. Rudia mara mbili au tatu. Mimi niliongeza langu moja: sitapanyi kidogo nilichonacho uso mzima. Mashavu na juu ya mdomo ni kama sentimita mraba 150, yanahitaji gramu 0.3 tu, na hizo zinafikika bila kuharibu kitu. Paji la uso nimelikabidhi kofia. Mwisho poda ya kahawia juu, kukata mng'ao. Inanichukua dakika nne ndani ya gari.

Hata hivyo, bado sifiki kipimo cha maabara kwa uso wote, na losheni ya asubuhi ndiyo inayobeba mzigo: gramu 1.2 kamili, ningoje dakika 15 ikauke ndipo niguse fandesheni. Siku za kukaa ofisini bila kutoka jasho sihangaiki sana na stiki. Hangaiko ni za shambani, hasa mwezi wa 3 na wa 10, Dar jua linapopita utosini.

Kwa hiyo alama zangu: stiki 7 kati ya 10, poda 4 (zote za rangi na mng'ao), spreyi 2 usoni. Stiki ya pili nimeshanunua, 48,000. Ukiinunua usiiache kwenye dashibodi kama nilivyofanya mimi, ilikuwa uji. Na nimeongeza mwamvuli mkubwa mweusi, ambao wateja waliucheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaanza kuingia chini yake.