Dola 1,000 za mteja hufika ngapi? Uzoefu wangu na njia tatu za kupokea malipo kutoka nje

Ninafanya kazi za uhariri na tafsiri kwa wateja walio nje ya nchi, na karibu wote hulipa kwa dola. Nimepokea malipo yao kwa pochi ya mtandaoni, kwa uhamisho wa moja kwa moja wa SWIFT hadi benki yangu, na kwa akaunti ya kupokelea iliyofunguliwa kwa jina langu katika nchi ya mteja. Kila mojawapo ina tangazo lake kuhusu ada ndogo, lakini matangazo hayo hayalinganishiki, kwa sababu kila mtoa huduma huamua mwenyewe kipi akiite ada na kipi akifiche ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: kiasi kilichoingia katika akaunti yangu kwa sarafu ya nyumbani, kikigawanywa kwa kiasi ambacho mteja alikatwa upande wake, kisha jibu likilinganishwa na kiwango cha kati cha soko cha saa ileile. Kiwango cha kati ni kile kilicho katikati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia dola, na ndicho kinachoonekana mtu anapotafuta bei ya sarafu mtandaoni. Hakuna benki inayolazimika kukupa kiwango hicho, lakini bila hicho huna pa kuanzia kupima.

Ili hesabu iwe rahisi, tuchukulie kwamba kiwango cha kati ni 100, yaani dola moja ni sawa na vipande 100 vya sarafu ya nyumbani, na ankara ni ya dola 1,000. Bila makato yoyote ningepata 100,000. Makato ninayoyatumia hapa ni ya mfano, ingawa yanafanana na yale niliyozoea kuyaona.

Pochi ya mtandaoni ndiyo inayopendwa na wateja wadogo, kwa kuwa wanalipa kwa kadi na kumaliza kwa dakika chache. Ikiwa ada ya kupokea ni asilimia 4, zinabaki dola 960. Ninapozitoa kwenda benki, pochi hubadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe, tuseme 96.5, nami nikapata 92,640. Zaidi ya asilimia 7 imeondoka, na nusu yake hivi haikuandikwa popote kuwa ni ada. Jambo la pili ni pingamizi. Katika PayPal, kwa mfano, mlipaji ana siku 180 za kufungua shauri tangu alipolipa, na kazi isiyoshikika mkononi, kama makala iliyohaririwa, ni ngumu kuithibitisha kuliko mzigo wenye risiti ya usafirishaji. Kwa hiyo njia hii nimeibakiza kwa kazi ndogo za mara moja tu, na bei ya kazi hizo huiweka nikiwa nimeshayahesabu makato hayo.

Uhamisho wa SWIFT unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha bila kujua nani amezichukua. SWIFT yenyewe haibebi fedha; ni mtandao wa ujumbe baina ya benki. Benki ya mteja isipokuwa na akaunti katika benki yangu, ujumbe hupitia benki moja au mbili za njiani ambazo zina akaunti za pande zote, na kila moja ya hizo inaweza kukata chake. Atakayelipa makato hayo huamuliwa na mteja anapojaza fomu ya benki yake, kwenye sehemu ya gharama yenye chaguo tatu: `OUR`, ambapo mtumaji hubeba gharama zote, `SHA`, ambapo mtumaji hulipa benki yake na mpokeaji hubeba kinachokatwa baada ya hapo, na `BEN`, ambapo mpokeaji hubeba zote. Mara nyingi fomu huja ikiwa na `SHA` tayari, na mhasibu wa mteja hana sababu ya kuibadilisha asipoambiwa.

Kwa dola zetu 1,000, tuseme benki ya njiani ilikata 20 na benki yangu ikakata 10 za kupokea. Zikafika 970. Kama nilimpa mteja namba ya akaunti ya sarafu ya nyumbani, benki hubadilisha papo hapo kwa kiwango chake cha siku, tuseme 97.5, na hainiulizi. Napata 94,575. Hasara ya dola 30 naiona kwenye taarifa ya akaunti, ila ile ya asilimia 2.5 iliyomo ndani ya kiwango sioni mahali ilipoandikwa. Ikiwa mtu ataamua kuilalamikia benki, atalalamikia zile dola 30, ambazo ni ndogo kati ya hizo mbili kila malipo yanapopita dola 1,200 hivi.

Kilichonisaidia ni kufungua akaunti ya dola katika benki ileile, pale ambapo kanuni za nchi zinaruhusu, na kuiandika hiyo kwenye ankara. Fedha zikiingia hubaki kuwa dola mpaka mimi niamue. Siku ya kubadilisha, simalizi jambo dirishani wala kwenye programu ya simu; naomba kuzungumza na dawati la fedha za kigeni, nawaambia kiasi, nawauliza kiwango watakachonipa, na kabla ya kukubali nakilinganisha na cha kati cha wakati huohuo. Kiwango kilichobandikwa ukutani si lazima kiwe cha mwisho, hasa kwa kiasi kikubwa. Kwa punguzo la namna hiyo, tuseme 99 badala ya 97.5, dola 970 zinakuwa 96,030.

Vilevile huandika kwenye ankara kwamba malipo yatumwe kwa `OUR`. Sharti hilo husaidia, ingawa si kinga kamili, kwani hutokea benki ya njiani ikakata hata hivyo. Kwa mteja mkubwa nimekwenda mbali zaidi, nikaweka kwenye mkataba kwamba deni linahesabiwa kuwa limelipwa pale kiasi kizima kinapofika. Kipengele hicho kinaondoa mabishano ya dola 20 kila mwezi, ambayo huchosha kuliko thamani yake.

Malipo ya SWIFT yanapochelewa, neno la mteja kwamba ametuma halitoshi, hata kama anasema kweli. Ninachomwomba ni nakala ya ujumbe wa malipo kutoka benki yake pamoja na UETR, ambayo ni namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona malipo yamesimama wapi na kama kuna aliyekata. Wakati mmoja ufuatiliaji huo ulionyesha kwamba fedha zilikuwa zimeshafika katika benki yangu ila zimezuiwa, kwa kuwa mhasibu wa mteja aliandika jina la biashara mahali pa jina la mwenye akaunti. Zilitolewa baada ya benki ya mteja kutuma marekebisho na mimi kuwasilisha mkataba na ankara. Tangu hapo jina kwenye ankara zangu, kwenye sehemu ya malipo, liko herufi kwa herufi kama lilivyo benki, na maelezo ya sababu ya malipo yana namba ya ankara na aina ya kazi. Neno moja kama "huduma" huzaa maswali.

Njia ya tatu ni akaunti ya kupokelea, inayotolewa na kampuni kama Payoneer au Wise, kutegemea nchi uliyopo na nchi zinazohudumiwa. Unapewa namba za akaunti za Marekani, za eneo la yuro au kwingineko, na mteja hulipa kama anavyomlipa mtu wa nchini mwake. Kwa Marekani malipo hayo hupitia ACH, mfumo wa malipo ya ndani usiopita benki za njiani za kimataifa, na kwa kawaida hufika ndani ya siku chache za kazi. Kampuni kisha hubadilisha fedha na kuzituma benki yako nyumbani. Tukichukulia kwamba makato yote pamoja, ya ada na ya kiwango, ni asilimia 2, ankara yetu inafika ikiwa 98,000, na hilo linazishinda njia zote nilizotaja hapo juu.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuangaliwa. Namba ya utambulisho wa benki inayotumika kwa ACH inaweza kuwa tofauti na ile ya uhamisho wa haraka wa benki, na mteja akichanganya, malipo yanaweza kurudishwa. Mimi humpa mteja namba ya ACH peke yake na kumwambia waziwazi ni ya aina gani. La pili ni kwamba akaunti hii ni ya kupitishia fedha, nami siitumii kuhifadhia. Malipo ya ACH yanaweza kurudishwa nyuma kwa sababu maalumu, na kampuni yenyewe inaweza kusimamisha akaunti ikitaka uthibitisho wa kazi, hivyo salio halikai huko muda mrefu, na mikataba yangu yote iko tayari katika faili moja.

Kinachoamua kati ya SWIFT na akaunti ya kupokelea ni ukubwa wa malipo. Makato ya SWIFT kwa sehemu kubwa hayabadiliki, ni zilezile dola 30 kwa ankara ndogo na kubwa, wakati asilimia 2 hukua pamoja na kiasi. Nikiwa na akaunti ya dola na kiwango cha 99, ankara ya dola 5,000 kwa SWIFT inaacha 4,970, nazo zinakuwa 492,030. Kwa akaunti ya kupokelea inakuwa 490,000. Njia hizo mbili hukutana karibu na dola 3,000. Bila punguzo la kiwango hazikutani kabisa, kwani asilimia 2.5 ya benki peke yake inazidi asilimia 2 ya mshindani, na SWIFT hushindwa kwa kila kiasi. Ndiyo maana mazungumzo na dawati la fedha za kigeni nayaona kuwa sehemu ya bei ya njia hiyo, na asiyeweza kuyapata hana sababu ya kuitumia.

Kwa sasa wateja wanaolipa chini ya kiasi hicho huwapa namba za akaunti ya kupokelea. Mteja wangu mmoja mkubwa, aliyekuwa akilipa kila wiki mbili, amekubali kuunganisha ankara na kulipa mara moja kwa mwezi kwa SWIFT katika akaunti ya dola. Viwango na ada hubadilika, hivyo mstari wa dola 3,000 naupiga upya kila benki au kampuni inapotangaza bei mpya, kwa hesabu hiyohiyo ya kilichoingia kugawanywa kwa kilichotumwa.