Uzoefu wangu: karatasi ya hesabu yenye sehemu ya kazi na safu ya majibu, kwa LibreOffice Writer

Nafundisha hisabati darasa la nne, watoto sitini na wanne. Kwa miaka mingi karatasi zangu za mazoezi zilikuwa maswali tu yaliyopangwa kwenda chini, kila swali na nukta zake mbele. Mtoto anafanya kazi pembeni, nyuma ya karatasi, wengine juu ya dawati, halafu jibu anaandika palipobaki wazi. Jioni nikisahihisha, nusu ya muda naupoteza kutafuta jibu liko wapi.

Muhula uliopita nikaamua kutengeneza jedwali la safu nne: Na., Swali, Kazi, Jibu. Nilitumia LibreOffice Writer kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu ni ya zamani. Nimeitumia muhula mzima, na haya ndiyo niliyojifunza.

Ukurasa nimeuweka A4, pambizo sentimita 1.5 kila upande, kwa hiyo upana unaobaki ni sentimita 18. Nikagawa hivi: Na. 1, Swali 5, Kazi 9, Jibu 3. Namba sikuziandika kwa mkono. Nilichagua seli za safu ya kwanza nikabonyeza `F12`, zikajipanga zenyewe, na nikifuta swali la tatu, la nne linakuwa la tatu bila mimi kuhangaika. Mwanzoni namba zilijisogeza kulia hadi zikabanana na mstari wa safu. Dawa yake iko kwenye `Bullets and Numbering`, kichupo cha `Position`: weka `Aligned at` na `Indent at` zote ziwe 0, na `Numbering followed by` iwe `Nothing`.

Kazi kubwa ilikuwa kujua kila swali lipewe nafasi kiasi gani. Mara ya kwanza niliyapa maswali yote sentimita 4, nikaona karatasi imependeza. Watoto walipofika kwenye kugawanya, hesabu zikashuka hadi ndani ya swali linalofuata. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeifanya hesabu yenyewe kwa mkono kabla ya kuipimia nafasi.

Chukua 738 ÷ 6 kwa njia ndefu. Juu mtoto anaandika 123, chini yake 738, halafu 6, 13, 12, 18, 18 tena, na 0. Hiyo ni mistari minane. Mtoto wa darasa la nne anaandika tarakimu kubwa, nilipima madaftari yao nikakuta mstari mmoja unakula kama milimita 8. Mara nane ni sentimita 6.4, nikaweka 7 ili apumue. Kuzidisha 247 × 36 kuna mistari mitano (247, 36, 1482, 7410, 8892) na mmoja wa tarakimu ndogo anazoandika juu, kwa hiyo sita, nikaweka sentimita 5. Kujumlisha namba mbili kunatosha kwenye 3.5.

Ukishajua hivyo, ukurasa unajipanga. Urefu unaobaki ndani ya pambizo ni sentimita 26.7. Jina, tarehe, maelekezo na kichwa cha jedwali vinachukua kama 4, inabaki 22 na ushee. Mbele nikaweka kujumlisha mawili na kuzidisha matatu, jumla sentimita 22 kamili. Nyuma nikaweka kugawanya matatu, sentimita 21. Maswali manane, karatasi moja mbele na nyuma.

Urefu wa mstari wa jedwali unauweka kwenye `Table > Size > Row Height`, na hapo ondoa tiki kwenye `Fit to size`. Ukiiacha, mstari unarefuka kila maandishi yakizidi, na vipimo vyako vyote vinahama. Ukiiondoa mstari hautikisiki, ila ujue kwamba swali refu la maneno lisipoenea kwenye seli, maneno ya mwisho hayataonekana. Hakuna onyo, yanapotea tu. Hakiki kwa macho kabla ya kuchapa. Kisha kwenye `Table Properties`, kichupo cha `Text Flow`, ondoa tiki ya `Allow row to break across pages and columns` ili swali lisikatwe katikati na ukurasa, na weka tiki ya `Repeat heading` ili nyuma nako paandikwe Na., Swali, Kazi, Jibu.

Nimesisitiza urefu usiotikisika kwa sababu ya kusahihisha. Nachapa nakala moja, najaza majibu yote, kisha kwa mkasi nakata safu ya Jibu peke yake. Napata kipande chembamba cha majibu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Nakilaza kwenye pambizo ya kulia ya karatasi ya mtoto, jibu langu linakaa ubavuni mwa jibu lake, na jicho linashuka moja kwa moja. Nikikuta kosa ndipo narudi kwenye Kazi kuona alipotelezea. Majibu 512 yaliyokuwa yakinila jioni mbili sasa yananila moja.

Siku ya kwanza kipande kilikataa kukaa. Swali la kwanza lililingana vizuri, la tano likawa limepanda zaidi ya nusu sentimita. Karatasi za watoto nilikuwa nimezichapisha steshenari, na pale walichapa kwa `Fit`, ambayo ilipunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya mipaka ya mashine. Ukipunguza hadi asilimia 97, safu ya sentimita 22 inakuwa 21.3. Kipande changu nilikichapa nyumbani kwa ukubwa kamili. Tangu hapo kijana wa pale namwambia `Actual size`, na kipande nakitoa hapohapo kwenye mashine ileile. Tena nampelekea PDF kwenye flashi (`File > Export As > Export as PDF`), si faili la kuhariri. Kompyuta yao ikikosa fonti yangu inaweka nyingine, maneno yanapanuka, na swali lililoishia mstari wa pili linaingia wa tatu.

Mistari ya jedwali niliweka 0.75 pt. Nilijaribu nukta nyepesi kwenye sehemu ya Kazi kama za daftari, kwenye skrini zilipendeza, kwenye kopi za fotokopi zikawa madoa hapa na hakuna kitu pale. Kichwa cha jedwali nacho nilikuwa nimekipaka kijivu. Kopi zikatoka na utepe mchafu usiosomeka. Sasa ni maandishi mazito kwenye nyeupe, basi.

Kwa upande wa programu yenyewe, yote niliyohitaji yamo bila kulipa shilingi, ingawa mipangilio imetawanyika kwenye menyu tofauti na mara ya kwanza ilinichukua mchana mzima. Karatasi ya pili niliihifadhi kama kiolezo, tangu hapo nabadilisha maswali tu.

Wiki iliyopita tumeingia kugawanya kwenye baki. Mtoto anatakiwa kuandika «123 baki 2», na sentimita 3 hazikutosha. Wengi walipindisha neno «baki» likashuka kwenye jibu la swali linalofuata. Nimetoa nusu sentimita kwenye Kazi nikaipa Jibu: 8.5 kwa 3.5. Kipande cha zamani hakikai tena, nimekata kipya.