Kabla hujanunua sola ya dukani, uliza inveta inakula kiasi gani

Miaka miwili iliyopita nililipa shilingi 5,900,000 kufunga sola kwenye duka langu la vinywaji na samaki wa kugandisha hapa Morogoro. Paneli 4 za wati 550, betri ya lithiamu ya uniti 5 na inveta ya kilowati 5, mashine inayogeuza umeme wa betri na paneli uwe kama wa ukutani. Muuzaji alipiga hesabu mbele yangu kwa kikokotoo cha simu: paneli zitatoa uniti 8 kwa siku, uniti moja ya LUKU ni shilingi 356, basi ndani ya miaka 6 hela yako imerudi na kuanzia hapo ni umeme wa bure. Tangu niandike kwamba LUKU yangu haikupungua kama nilivyoahidiwa, wasomaji wengi wameniletea malalamiko yaleyale, na karibu wote wanalaumu paneli. Paneli hazina kosa. Ubora wa vioo, rangi ya fremu, idadi ya wati, hayo mtaelezwa na kila duka, kwa hiyo nayapita.

Kwanza lakini, angalia uko kundi gani la bei. Kama nyumba yako iko kwenye D1, yaani hutumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, unalipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani na tozo za EWURA na REA inafika 122. Hata uniti zote 75 zikitoka juani, unaokoa shilingi 9,150 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo mfumo wa milioni kadhaa haurudi. Nunua kama unachoka na kukatika kwa umeme, si kwa kuokoa hela. Ninayoandika hapa ni ya wenye T1, wanaolipa 292 ambayo kwa kodi na tozo inakuwa hiyo 356.

Duka langu linakula uniti 6 kwa siku: freza, friji la vioo, taa na feni. Kwa mwezi ni uniti 180. Baada ya kufunga sola nilitarajia kununua uniti chache tu za siku za mvua. Nikajikuta bado nanunua 50 na kitu, mwezi baada ya mwezi. Nilianza kuandika daftarini kile ambacho skrini ya inveta ilionyesha kimetoka kwenye paneli. Wastani wa mwaka mzima, kiangazi na masika pamoja, ulikuwa uniti 6.4 kwa siku. Sawa, si 8, mawingu na vumbi vina sehemu yake. Lakini dukani zilikuwa zinafika uniti 4.3 tu. Nyingine 2 zilikuwa zinakwenda wapi?

Fundi mmoja mzee wa friji ndiye aliyenionyesha. Alizima swichi zote za duka, akazima na ya TANESCO, inveta ikabaki inawaka haina kazi yoyote. Akashika waya wa betri kwa mita ya kubana, ile inayosoma mkondo wa betri na si wa ukutani tu. Ikasoma ampia 1.2. Betri ilikuwa volti 52. Zidisha: wati 62. Inveta yangu ilikuwa inakula wati 62 kwa kuwa hai tu, saa 24, iwe duka limefunguliwa au limefungwa. Kwa siku ni karibu uniti 1.5. Iliyobaki, kama 0.6, hupotea kwenye kuingiza na kutoa umeme betrini na kuugeuza, na hiyo huwezi kuikwepa kabisa.

Usiye na mita ya namna hiyo unaweza kupima siku ya kusafisha freza. Saa 3 usiku zima kila kitu dukani na swichi ya TANESCO, acha inveta tu ikiwaka, andika asilimia ya betri, angalia tena saa 11 alfajiri. Betri ya uniti 5 ikishuka asilimia 10 kwa saa hizo 8, inveta yako inakula zaidi ya wati 60.

Sasa hesabu halisi. Uniti 4.3 kwa siku, mara siku 365, mara 356, ni kama shilingi 559,000 kwa mwaka. Milioni 5.9 inarudi baada ya miaka 10 na nusu, si 6. Sitasema uniti zote 1.5 ni hasara, kwa sababu mchana betri ikijaa inveta inakula jua ambalo lingepotea hata hivyo. Kinachouma ni usiku na siku za mawingu. Nikihesabu uniti 1 tu inayonihusu kwa siku, bado ni shilingi 130,000 kila mwaka.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni inveta ya Victron, na silifichi pendo langu. MultiPlus-II ya volti 48 na ukubwa wa 3000 inakula wati 11 ikiwa haina mzigo. Ile ya 5000 inakula 18. Ya 3000 inawasha freza bila kulalamika, kwa sababu kwa muda mfupi inatoa hadi wati 5,500, na dhamana yake ni miaka 5. Ubaya ni bei: pamoja na kidhibiti chake cha paneli niliambiwa milioni 3.4, wakati yangu ilikuwa 1.4. Tofauti ni milioni 2, na kwa 130,000 kwa mwaka inarudi baada ya miaka 15 au zaidi, kwa kuwa nayo inakula wati 11 zake. Hapo wengi wataniambia basi haina maana. Ila paneli ni za miaka 25, na mimi sitegemei inveta ya dhamana ya mwaka mmoja ivuke miaka 15. Ukibadilisha mara moja tu umeongeza milioni 1.4, na umeme ulioliwa kwa miaka hiyo ni karibu milioni 2. Jumla milioni 4.8 dhidi ya 3.4, na hata ukiongeza umeme wa zile wati 11 za Victron kwa miaka hiyo, haifiki milioni 4.

Kama huna hiyo 3.4, la pili ni inveta ya bei ya kati lakini ya kilowati 3, si 5. Mashine ndogo kwa kawaida hula kidogo ikiwa haina kazi. Duka langu halijawahi kuvuta zaidi ya kilowati 1 kwa pamoja! Nilipewa 5 kwa sababu ndiyo iliyokuwa stoo, nikaambiwa "chukua kubwa, dada, usije ukajuta." Hili linaniudhi kuliko bei yenyewe. Mtu anakuuzia ukubwa usiouhitaji, kisha ukubwa huo unakula mauzo yako ya soda kila usiku.

Seti za betri za maji au jeli za bei ya chini, pita. Kwa kutumika kila usiku hazifiki mbali.

Ukienda Kariakoo au popote, omba karatasi ya vipimo kabla ya kutoa pesa na utafute mstari ulioandikwa `No Load Power Consumption`, au kwa Victron `Zero load power`. Zidisha wati hizo kwa 24, gawa kwa 1,000, hapo una uniti za siku. Duka lililoniuzia halikuwa na karatasi hiyo. Nilipoipata mwenyewe mtandaoni, mstari ulikuwepo, na tarakimu ilikuwa karibu sawa na aliyoipata yule fundi wa friji.