Vidhibiti viwili, taa ya kijani, na maji yaliyokatika katikati ya minofu

Mnaotaka kufunga vidhibiti pacha, bei haikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni fundi wa kampuni iliyotuuzia kusimama mbele ya paneli yangu, mikono mfukoni, na kuniambia: "Ngosha, taa ya sinki ni ya kijani. Kaangalie pampu zenu." Hiyo sinki si ya maji; ni taa inayowaka kijani nakala ya data ikifika salama kwenye kidhibiti cha pili.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kando ya ziwa. Vidhibiti hivyo vinaendesha pampu zinazopeleka maji ukumbi wa kukatia samaki, na presha inatakiwa ikae baa 4. Kidhibiti mkuu anafanya kazi, mwenzake wa stendibai anasubiri. Kila duru ya programu inapoisha, mkuu anamtumia mwenzake nakala ya data kupitia kebo ya faiba, ili siku akizimika, stendibai ashike pale pale alipoachia. Tuliahidiwa hatutasikia hata mtikisiko.

Basi mwezi uliopita mwishoni, mchana kazi imepamba moto, pawasaplai ya mkuu ikafa. Haki yao nawapa: stendibai alishika mara moja, sikuona taa hata moja ikipepesa. Ila pampu zikanywea, presha ikaanguka, na akina dada wakabaki wameshika visu huku mabomba yakidondosha matone. Ilichukua kama dakika mbili maji kurudi, yenyewe tu, bila mtu kugusa kitu. Shehena iliyokuwa mezani msimamizi wa ubora aliikataa.

Ndipo akaja huyo kijana na taa yake ya kijani.

Nikamfungulia grafu. Kabla ya tukio, amri ya kasi kwenda kwenye draivu ilikuwa asilimia 62 na presha imetulia baa 4. Mkuu alipokufa, amri ikashuka papo hapo hadi 30, ambayo ndiyo kasi ya chini tuliyoweka, na presha wakati huo ilikuwa bado baa 4. Presha ilifuata baadaye. Sasa pampu ikiharibika, presha ndiyo inayotangulia kushuka, na kidhibiti kinapandisha amri kuifukuzia. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Amri ilianguka yenyewe, pampu zikatii. Akaniambia grafu yetu ina matatizo ya saa.

Tatizo lilikuwa kwenye kitanzi cha PID walichokiandika wenyewe, yaani ile hesabu inayopanga amri ya kasi kwa kufuata presha. Kwa kitanzi chetu, amri ni sehemu mbili: moja ni kosa la sasa hivi, yaani pengo kati ya presha tunayotaka na iliyopo, likizidishwa kwa namba iitwayo Kp; nyingine ni mlimbikizo wa makosa yaliyopita. Presha ikishatulia, kosa linakaribia sifuri, kwa hiyo karibu asilimia zote 62 zinatoka kwenye mlimbikizo. Na mlimbikizo huo waliuweka kwenye eneo la kumbukumbu lisilohamishwa kwenda kwa stendibai, eti kupunguza mzigo wa data ili duru iwe fupi. Stendibai akaamka na mlimbikizo sifuri. Ilibidi presha ianguke kwanza ndipo apate kosa la kulimbikiza upya, na hizo dakika mbili ndizo gharama yake. Taa ya kijani haikudanganya: kila kilichopangwa kunakiliwa kilinakiliwa. Mlimbikizo haukupangwa.

Mbona majaribio yao ya kukabidhi yalipita? Walibadilisha usiku, pampu zimesimama. Mlimbikizo wenyewe ulikuwa sifuri pande zote mbili, ungeruka nini?

Nilikuwa nimeshaandika kwamba msinunue kabisa. Nafuta, maana vifaa vyenyewe ni vizuri na dawa ni ndogo. Mlimbikizo uhamishiwe kwenye eneo linalonakiliwa. Kama nafasi haipo, basi amri ya mwisho inakiliwe, na stendibai anaposhika usukani, katika duru yake ya kwanza tu, aukokotoe upya mlimbikizo:

```
IF duru_ya_kwanza_baada_ya_kushika THEN
    mlimbikizo := amri_ya_mwisho - Kp * kosa;
END_IF;
```

Hapo amri inaanza palepale 62. Mistari mitatu, jamani! Na kabla ya kusaini, waambieni wamzime mkuu mchana, mzigo ukiwa umejaa, nanyi mkodolee macho amri ya kasi. Taa waachieni wenyewe.

Lakini hapana, narudisha nilichofuta. Kifaa kizuri kikiwa mikononi mwa watu wa namna hii hakifai. Wamerudi wiki hii, wamerekebisha kimyakimya, kijana hata salamu hakutoa, kisha wakaleta ankara iliyoandikwa "maboresho ya mfumo". Nimemwambia mhasibu aiweke kando mpaka waje kuzima mkuu saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa watu, na mimi nimesimama kwenye grafu.