Skrabu na maski za midomo: kabla hujalipa, tafuta mnanaa kwenye lebo

Wanaonunua seti za midomo hapa Mombasa hulalamika yaleyale: siku ya kwanza mdomo laini, siku ya nne umebanduka kuliko mwanzo. Lawama hupewa upepo wa kaskazi, au maji ya kisima yenye chumvi. Aghalabu mkosaji yumo ndani ya kikopo chenyewe, wala si sukari peke yake. Ni ladha.

Ngozi ya mdomo ni nyembamba na haina tezi za mafuta kama ya shavuni, kwa hiyo maji huitoka upesi. Ukitia mnanaa, mentholi, kafuri au mdalasini, unahisi ubaridi au mchomo ukadhani dawa inafanya kazi. Mentholi huamsha tu mishipa inayohisi baridi. Haiongezi hata tone la maji. Kwa watu wengi ngozi huwashwa, ikajibu kwa kutoa magamba. Gamba likionekana unasugua, ukisugua unaifungulia njia ladha iingie ndani zaidi. Kisha ule utamu unakufanya ulambe midomo, na mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwepo. Ndiyo maana seti ya skrabu na maski zote za mnanaa ni biashara nzuri kwa muuzaji: kimoja kinaharibu, cha pili kinauzwa kutibu.

Je, kusugua kunafaa? Kwa gamba lililokufa na kulegea, ndiyo, mara moja kwa wiki, si zaidi. Jipime hivi: baada ya kuoga kwa maji ya moto, pitisha kitambaa laini chenye maji. Linalotoka lenyewe lilikuwa tayari. Linalong'ang'ania bado lina kazi, na ukilivuta utaona damu. Mdomo mwekundu unaometa, au unaochoma ukila muhogo wa pilipili na ndimu, usiguswe na skrabu kabisa. Malengelenge ya homa nayo usiyasugue, utayasambaza.

Sasa vya kununua, kwa mpangilio wangu.

Cha kwanza ni Aquaphor Healing Ointment, na sioni haya kuipendelea. Asilimia 41 yake ni mafuta ya mgando, na humo mna glisirini ya kushika maji. Haina manukato wala ladha. Haiitwi maski, lakini kazi ya maski ya kulalia ndiyo hiyo: kufunika maji yasitoke usiku. Lowesha midomo, futa matone, kisha pakaza kiasi cha punje moja ya pojo kabla haijakauka. Ikizidi, itaishia kwenye foronya. Kasoro yake ni kwamba ina kiungo kitokanacho na lanolini, nta ya manyoya ya kondoo, na wachache huwadhuru. Jaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku chache.

Cha pili ni Laneige, ile maski ya Kikorea ya kikopo cha gramu 20. Mafuta yake ni mazuri, yanakaa hadi asubuhi. Lakini ina manukato, na kwa bei yake hilo linaudhi. Kama mdomo wako haujawahi kuwashwa, itakufaa. Kama tayari unabanduka, iache dukani.

Vaseline ya kawaida isiyo na harufu inafanya kazi. Basi.

Skrabu ya dukani naiweka mwisho. Ukiitaka lazima, chagua ya sukari laini, kwa kuwa sukari huyeyuka kwenye maji. Zenye unga wa maganda ya kokwa zina kingo kali zisizoyeyuka, huchana. Nyumbani nusu kijiko cha chai cha sukari laini na matone machache ya mafuta ya nazi yanatosha. Zungusha kidole kwa sekunde 10 bila kukandamiza, suuza, paka mafuta papo hapo.

Kwa aliyekwisha kubanduka: acha skrabu na kila chenye ladha kwa wiki 2, dawa ya meno ya mnanaa au mdalasini ikiwemo, upake mafuta yasiyo na harufu asubuhi na usiku. Magamba yakipungua, ndipo ujue mlaumiwa ni nani. Yasipopungua, au pembe za mdomo zikipasuka, ni kazi ya daktari wa ngozi. Huenda ni fangasi.

Na hawa wanaopakua maski kwenye vikopo vidogo visivyo na lebo, wakauza kwa bei ya kuvunja mgongo! Maneno "menthol", "parfum" na "aroma" utayasoma wapi? Kingine ni kikopo cha kujaribia kilicho wazi mezani, kila mpita njia akichovya kidole na kupaka mdomoni. Mwambie muuzaji afungue kipya mbele yako, lebo ikiwa kamili. Akikataa, kemisti ya pili haiko mbali.