Google Sheets na tahadhari za mauzo kushuka siku za sikukuu: uzoefu wangu

Nasimamia hesabu za maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Kariakoo, jingine Mwanza. Mfumo wa mauzo tuliokuwa nao zamani ulituma ujumbe kila mauzo yaliposhuka, lakini haukuzijua sikukuu. Siku ya Idi duka limefungwa, na bosi anapata ujumbe kwamba Kariakoo imeshuka kwa asilimia 100. Mwishowe akaacha kuzisoma kabisa, na tahadhari isiyosomwa haina kazi hata siku duka linapoyumba kweli. Kazi hiyo nikaihamishia Google Sheets.

Ujumbe wa uongo siku ya sikukuu ndio usumbufu unaoonekana. Madhara makubwa huja baadaye, pale sifuri ya siku ile inapoingia kwenye wastani. Tuseme unalinganisha Jumatatu na wastani wa Jumatatu nne zilizopita, na tahadhari inalia mauzo yakiwa chini ya asilimia 60 ya wastani huo. Jumatatu tatu ziliuza 1,200,000, 1,180,000 na 1,220,000, na moja ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, duka likafungwa. Ukiihesabu ile sifuri, wastani ni 900,000 na kengele inalia chini ya 540,000. Ukiitoa, wastani ni 1,200,000 na kengele inalia chini ya 720,000. Sasa Jumatatu inayofuata duka likiuza 650,000 kwa sababu saruji imeisha, hesabu ya kwanza inanyamaza kimya. Sikukuu moja inakuziba macho Jumatatu nne mfululizo.

Kila tawi lina karatasi yake, na kila siku ina mstari wake, hata ya kufungwa. A ni tarehe, B ni siku ya wiki, C ni mauzo, D ni hali ya duka: wazi, nusu au imefungwa. Safu ya E inatafuta wastani ndani ya siku 28 zilizopita, kwa siku zilizokuwa wazi tu:

```
=AVERAGEIFS(C2:C29, B2:B29, B30, D2:D29, "wazi")
```

Na F ndiyo inayosema:

```
=IFS(AND(D30="imefungwa",C30>0),"ANGALIA",
 D30="imefungwa","",
 C30="","HAKUNA DATA",
 D30="nusu","",
 C30<0.6*E30,"IMESHUKA",
 TRUE,"")
```

Mstari wa kwanza naupenda kuliko yote. Kama duka limeandikwa limefungwa halafu risiti zimetoka, kuna mtu amefungua bila taarifa, au hali ilijazwa vibaya. Vyote viwili nataka kuvijua. Mstari wa tatu nao ni muhimu: sifuri inaandikwa pale tu duka lilipokuwa wazi na hakuna aliyenunua. Mtandao ukikatika na mauzo yasifike, kisanduku kinaachwa kitupu. Ukiamua kunyamazisha sifuri zote ili upate amani siku za sikukuu, siku mashine ya Mwanza ikifa hutajua.

Usijaze D kwa kunakili kalenda ya serikali ukaishia hapo. Sabasaba Kariakoo tunafunga, lakini Mwanza wanafungua hadi saa sita mchana kwa sababu mafundi hawalali, kuna anayetaka mifuko miwili ya saruji amalizie ukuta. Siku hiyo ni nusu: haiingii kwenye wastani wala hailinganishwi. Idi nayo inategemea mwezi kuandama. Mimi huziachia D tupu siku zote mbili zinazoweza kuwa Idi, na msimamizi wa tawi anaijaza usiku baada ya tangazo.

Kasoro ipo sikukuu zinaporundikana. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Karume Jumanne tarehe 7. Idi el-Fitri inatangulia wiki mbili tu nyuma, ikielekea Ijumaa au Jumamosi. Idi ikiwa Ijumaa, wastani wa Ijumaa baada ya Pasaka unabaki na siku mbili badala ya nne, na siku mbili ni chache mno kuziamini. Kipindi hicho narefusha dirisha hadi siku 56. Pia fomula haijui kwamba mkesha wa sikukuu watu hununua kwa wingi. Mauzo yale yanapandisha wastani, na siku ya kawaida wiki inayofuata inaweza kuonekana mbovu. Siku hizo bado nazikagua kwa macho.

Kwa maduka machache inatosha, na ni bure. Kwa matawi ishirini nisingeishauri, si kwa ajili ya fomula, ni kwa sababu ya safu ya D: lazima awepo mtu kila tawi anayeijaza siku ileile. Kwetu anaijaza yule anayeshika funguo.