Sehemu ya jina Instagram: uzoefu wangu na duka la udi Chake Chake

Nauza udi, singo ya kusugulia mwili na haludi Chake Chake, na wateja wangu wengi wapya siku hizi wananipata Instagram. Kilicholeta tofauti ni ule mstari mweusi uliokoza juu ya bayo, ambao ukifungua Edit profile unaandikwa Name. Watu wengi huuchanganya na Username.

Mpwa wangu alipofungua akaunti aliandika jina la duka kote kuwili. Anayelijua duka alitupata. Lakini bibi harusi wa Wete anayetafuta singo hajui duka langu linaitwaje. Yeye anaandika "singo Pemba". Utafutaji wa Instagram hulinganisha maneno hayo na username, jina na bayo, na kwetu neno singo halikuwepo popote.

Username nikaiacha ibebe jina la duka. Kwenye Name nikaandika hivi:

```
Udi, Singo na Haludi | Chake Chake Pemba
```

Bayo ina herufi 150 tu, kwa hiyo dua na maua yakaondoka, yakaingia haya:

```
Singo na skrabu ya bibi harusi, udi wa kuchoma, haludi. Duka lipo Chake Chake. Tunatuma Unguja na Dar.
```

"Skrabu" nimeiweka kwa sababu wateja wa Dar ndivyo wanavyouliza WhatsApp. Singo hawaijui mpaka uwaeleze. Bayo nzuri, kwa maoni yangu, huokotwa kwenye meseji za wateja.

Mpwa alitaka zile herufi za madoido zinazonakiliwa mtandaoni. Nikakataa. Kwa macho zinasomeka "Udi", lakini kwa mashine ni alama nyengine kabisa, na anayeandika udi kwa herufi za kawaida huenda asikuone. Hata simu inayomsomea asiyeona huzivuruga.

Kujipima, usitumie simu yako. Instagram huangalia pia akaunti unazozifuata na ulizozitembelea, kwa hiyo utajiona juu na kufurahi bure. Mimi niliazima simu ya shemeji yangu ambaye hatufuati. Akiandika "singo Pemba" tunatokea juu; akiandika "singo" peke yake tunatokea chini kidogo; akiandika "udi" tu, hatuonekani hata ukishusha vipi. Maduka makubwa yenye wafuasi na watu wengi wanaoyabonyeza yanatangulia, na jina zuri haliwezi kuyashinda. Ndiyo maana jina la mji nimelishikilia: huko washindani ni wachache.

Kero yangu ni moja. Name hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14. Ukitaka kuweka "mafusho ya Idi" badala ya "singo" kisha uirejeshe "singo" msimu wa harusi, hesabu mapema, na uangalie tahajia kabla ya kubonyeza, maana kusahihisha herufi moja nako kunahesabiwa. Maneno ya msimu mimi nayaweka kwenye bayo, jina nimeliacha lilivyo.